Vituo vya kurejea katika madokezo ya mtoa mada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na maafisa ugani, wahudumu wa afya, walimu na wahasibu wa vyama vya ushirika, yaani watu wanaosimama mbele ya wenzao na karatasi mkononi lakini hawataki kuisoma neno kwa neno. Mfano mkuu humu ni mada ya dakika 25 kuhusu sumukuvu kwenye mahindi.

Kituo cha kurejea ni kitu gani hasa?

Ni mahali penye alama kwenye madokezo ambapo unaweza kuanza kusema hata kama umesahau kabisa kilichotangulia. Ukipotea, jicho halitafuti mstari uliokuwa unausoma. Linatafuta kituo, mdomo unasema sentensi iliyoandikwa pale, na mada inaendelea.

Si ndiyo kazi ya vichwa vidogo?

Hapana. Kichwa kidogo kama "Ukaushaji" kinakukumbusha mada, na mada kwa kawaida hujaisahau. Aliyepotea jukwaani anajua vizuri kwamba anazungumzia kukausha mahindi. Alichopoteza ni sentensi ya kwanza ya kuingilia, na kuitunga papo hapo huku macho mia moja yanakutazama ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwa hiyo kituo lazima kiwe na sentensi kamili. Mengine yote kwenye karatasi yanaweza kuwa vidokezo vya neno mojamoja.

Sentensi ya kituo iandikweje?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linatokana na jinsi lugha yetu inavyofanya kazi. Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi. Tunasema "Inaingia kupitia matobo ya wadudu" na kila aliyefuatilia tangu mwanzo anajua *i-* ni ya kuvu. Lakini anza na sentensi hiyo baada ya dakika tano za kukatizwa, na wasikilizaji watabaki wanajiuliza ni nini kinachoingia. Wewe mwenyewe unaweza kukwama, maana *i-* hiyo inaweza kuwa kuvu, sumu au hewa.

Kanuni ni kwamba sentensi ya kituo itaje jina la kitu kinachozungumziwa, isikiegemeze kwenye kiambishi. Isianze na "kwa hiyo", "pia", "vilevile" wala "lakini". Isiwe na "hiyo", "hizo", "huko" au "yule" vinavyorudi nyuma. "Hayo ndiyo yenye sumu nyingi" si sentensi ya kituo. "Punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu ndizo zenye sumu nyingi" inafaa.

Namna ya kuijaribu ni rahisi. Mpe mtu ambaye hajasikia mada yako asome sentensi hiyo moja tu, kisha umuulize inazungumzia nini. Akikuuliza "ipi?" au "nani?", iandike upya.

Halafu iwe fupi, isizidi maneno kumi na tano. Sentensi ndefu humlazimu msomaji kushuka mistari miwili, na jicho lenye wasiwasi hupotea tena katikati.

Niviweke wapi, na viwe vingapi?

Kwa mada nyingi kituo kimoja kila dakika mbili au tatu kinatosha. Vikizidi hapo, kila mstari unakuwa kituo na hakuna kinachojitokeza. Lakini usivigawe kwa rula. Vifuate mahali ambapo hatari ipo.

Hatari ya kwanza ni kila baada ya jambo linaloinua macho yako kutoka kwenye karatasi: onyesho la vitendo, video, swali la msikilizaji, kisa cha kuchekesha. Kisa hasa. Watu wanacheka, nawe unacheka nao, ukirudi kwenye karatasi hujui ulitokea wapi.

Ya pili ni sentensi zinazofanana mwanzo. Ukiwa na mistari mitatu inayoanza na "Mkulima anatakiwa…", jicho litaruka kutoka wa kwanza hadi wa tatu na hutajua kwamba umeruka. Wanakili wa miswada ya kale walifanya kosa hilohilo. Badilisha mwanzo wa mmojawapo, au weka kituo kati yao.

Ya tatu ni mwisho wa ukurasa. Usiruhusu sentensi ianzie chini ya karatasi moja na kumalizikia juu ya nyingine. Afadhali uache robo ya ukurasa wazi na kituo kifuatacho kianze juu ya karatasi mpya.

Kituo kionekane vipi kwenye karatasi?

Kiwe na vitu vinne na visizidi: namba kubwa pembeni kushoto, neno moja la jina kwa herufi kubwa, dakika unayotarajia kuwa hapo, na sentensi ya kuingilia. Herufi za sentensi ziwe za ukubwa wa 20 au 22 ukichapa, na mistari iliyobaki inaweza kuwa 16. Acha nafasi ya mistari miwili juu ya kila kituo, kwa kuwa nafasi tupu huonekana mapema kuliko rangi.

Kuhusu rangi niseme wazi kwamba siziamini. Kalamu ya manjano hufifia chini ya taa za manjano za ukumbi, na ukipeleka madokezo steshenari kupigwa kopi nyeusi na nyeupe, rangi zote zinakwisha. Umbo ndilo la kutegemea: namba ndani ya duara, na kwa vituo vichache kisanduku kilichochorwa kwa maka peni.

Andika upande mmoja wa karatasi. Usizibane kwa pini, ziwe huru ili uzitelezeshe kando badala ya kuzipindua, na kila karatasi iwe na namba yake juu kulia. Upepo ukizitawanya chini ya mwembe utashukuru kwa namba hizo.

Kisanduku kinachochorwa kuzunguka baadhi ya vituo kina maana gani?

Kinaonyesha jambo ambalo usipolisema, mada haijatolewa. Hivi ni vichache, viwili au vitatu kwa mada nzima.

Umuhimu wake ulionekana Septemba 2014 mjini Manchester, Uingereza, kwenye mkutano wa chama cha Labour. Kiongozi wake, Ed Miliband, alihutubia kwa zaidi ya saa moja bila karatasi na akasahau kipande kuhusu nakisi ya bajeti ya serikali. Hakukwama wala hakunyamaza, hotuba ilitiririka tu. Ila kipande kile ndicho wapinzani wake walichokuwa wakikisubiri, na habari ya siku iliyofuata ikawa kile ambacho hakukisema. Kupotea kwa namna hiyo hakuonekani ukumbini, ndiyo maana kunahitaji alama ya pekee: ukifika kituo cha mwisho unatupa jicho kuona kama kila kisanduku kimepigwa tiki.

Niandike saa au dakika?

Dakika tangu uanze. Ratiba ikisema unaanza saa 4:00 asubuhi, huenda ukasimama saa 4:50, na saa zote ulizoandika pembeni zitakuwa zimeharibika. Unaposimama, angalia saa ya mkononi na uandike muda wa kuanza juu ya karatasi ya kwanza.

Naomba mfano mzima.

Tuseme afisa ugani anazungumza na wakulima kuhusu sumukuvu. Ndani ya mada kuna kipimo cha chumvi: chupa kavu yenye mfuniko, vijiko vichache vya chumvi kavu, na mahindi hadi theluthi ya chupa. Inatikiswa dakika mbili au tatu kisha inaachwa itulie kama dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandia yamefaulu kipimo hicho, ingawa lengo la kuhifadhi ni asilimia 13.

Ugumu uko kwenye zile dakika 15. Chupa inaandaliwa mwanzoni na inasomwa karibu na mwisho. Mtoa mada akipotea katikati na kuruka mbele, chupa itabaki mezani imesahaulika huku wakulima wakiitazama. Vituo vyake ni hivi:

1. CHUPA, dakika 0
2. MAKUENI, dakika 4
3. KUVU, dakika 6
4. KUVUNA, dakika 8
5. TURUBAI, dakika 10 (kisanduku)
6. PUNJE, dakika 13
7. UGALI, dakika 15 (kisanduku)
8. MIFUKO, dakika 17
9. CHUPA TENA, dakika 20 (kisanduku)
10. KUONDOKA, dakika 23

Kituo cha pili kwenye karatasi kinasomeka: "Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya." Chini yake kuna vidokezo tu: Makueni, Kitui, wagonjwa 317, mahindi yalihifadhiwa na unyevu. Cha saba kinasema: "Kupika ugali hakuondoi sumukuvu iliyomo kwenye unga." Cha tisa: "Sasa tuisome chupa tuliyoitikisa mwanzoni." Neno "tuliyoitikisa" linarudi nyuma, ni kweli, lakini chupa ipo mezani na kila mtu anaiona, kwa hiyo linaruhusiwa.

Sasa yuko kituo cha sita, dakika ya 14, anaeleza jinsi ya kuchambua punje mbovu. Mtendaji wa kata anaingia. Watu wanasimama, mwenyekiti anamkaribisha, mgeni anaombwa asalimie, naye anasalimia kwa kirefu. Mtoa mada anarudishiwa nafasi dakika ya 19. Alikuwa wapi? Kidole gumba cha kushoto kilibaki kwenye namba 6. Hakumbuki kama alishasema punje zilizobadilika rangi zisipewe kuku, na hana haja ya kukumbuka.

Anaangalia dakika: zimebaki sita. Vituo vya 7 hadi 10 vilipangiwa dakika kumi. Vyenye kisanduku ni cha 7 na cha 9. Anasema, "Karibu mtendaji. Tulikuwa tunachambua punje. Punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu ndizo zenye sumu nyingi, tuzitenge." Hiyo ni sentensi ya kituo cha 6, na imewafaa wote wawili: wakulima wamekumbushwa, na mgeni ameingia kwenye mada. Kisha anakwenda kituo cha 7 na kukipa dakika moja na nusu. Cha 8 anakitaja kwa sentensi yake moja tu kuhusu mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Chupa imeshatulia dakika 15, anaisoma na wakulima wawili mbele, inamchukua dakika mbili. Cha 10 kinafunga.

Nikipotea nirudi nyuma au nisonge mbele?

Kama hujui ulikuwa wapi, songa mbele hadi kituo kinachofuata kidole chako. Ukirudi nyuma sana utarudia jambo zima na wasikilizaji watatambua. Ukisonga mbele utakuwa umeruka sentensi tatu nne ambazo wao hawakujua kwamba zipo.

Kuna hali mbili za kurudi. Ya kwanza ni pale kukatizwa kulipozidi dakika mbili hivi, kama kwenye mfano hapo juu, kwa sababu hata wasikilizaji wamepotea. Ya pili ni pale ulipoahidi idadi. Ukisema "kuna mambo matatu" na ukataja mawili, kuna mtu amekaa mstari wa mbele na kalamu anasubiri la tatu. Kwa hiyo mahali penye hesabu, weka 1/3, 2/3, 3/3 pembeni mwa kila jambo.

Nifanye nini katika zile sekunde za kutafuta?

Nyamaza. Sekunde tatu au nne za kimya mtoa mada huziona ndefu mno, msikilizaji huzichukulia kama pumzi. Kunywa maji ukiwa nayo karibu. Kinachokuumbua ni "eee… yaani… kwa hiyo kama nilivyosema…" huku karatasi zinapekuliwa.

Kuwauliza wasikilizaji "tulifikia wapi?" kunafaa baada ya kukatizwa na jambo la nje, mfano umeme kukatika au adhana. Usikutumie pale ambapo umesahau mwenyewe, maana wanaweza kukutajia mahali ambapo hata madokezo yako hayapo.

Slaidi zangu na madokezo ni ya Kiingereza, lakini nazungumza kwa Kiswahili. Kuna shida?

Kuna shida kubwa kuliko unavyodhani, na iko kila ofisi. Ukiwa umetulia unatafsiri bila kujitambua. Ukiwa umepotea unafanya kazi mbili kwa pamoja, kutafuta mahali na kutafuta maneno, na hapo ndipo Kiswahili kinapogeuka mseto. Vidokezo vya ndani vibaki vilivyo kama umevizoea, lakini sentensi ya kituo iandikwe kwa lugha itakayotoka mdomoni, neno kwa neno.

Natumia PowerPoint. Vituo viende wapi?

Kwenye sehemu ya madokezo chini ya slaidi, lakini tia alama kwa herufi, mfano `>>> 6 PUNJE`, kwa sababu rangi na ukubwa wa herufi ulivyopanga havionekani unapowasilisha. Kwenye skrini ya mtoa mada kuna vitufe vya kukuza maandishi. Vikuze kabla ya kuanza.

Hata hivyo, beba karatasi moja yenye orodha ya vituo na namba ya slaidi ya kila kimoja. Ukitaka kuruka kutoka slaidi ya 9 hadi ya 14, andika 14 kisha ubonyeze `Enter`, nayo inakuja moja kwa moja bila watu kuona slaidi nne zikipita mbio. Kitufe cha `B` hufanya skrini iwe nyeusi, ukikibonyeza tena inarudi. Kinasaidia sana mgeni anapoingia au mjadala unapozuka.

Kitu kimoja huharibu mpango huu wote: kuongeza slaidi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Namba zote za baada ya hapo zinasogea na karatasi yako inakuwa ya uongo. Ukiongeza, andika orodha upya.

Nimeikariri mada yote. Bado navihitaji?

Ndiyo, tena wewe kuliko wengine. Aliyekariri anategemea sentensi moja iite nyingine, na moja ikikatika zote zinazofuata zinaondoka nayo. Winston Churchill, akiwa mbunge kijana, alisimama Aprili 1904 bungeni London kuhutubia kwa kumbukumbu, maneno yakamtoka kichwani katikati ya sentensi, akaketi bila kumaliza. Baada ya hapo akawa mtu wa madokezo kamili, yaliyochapwa kwa mistari mifupi iliyoingizwa ndani kama mashairi ili jicho liipate kwa haraka.

Nitajuaje kama vituo vyangu vinafanya kazi?

Toa mada mbele ya mwenzako mmoja chumbani. Mwambie apige kofi wakati wowote anaotaka, mara nne au tano. Akipiga, weka karatasi chini, mtazame, jibu swali lolote atakalokuuliza, kisha chukua karatasi uendelee. Yeye apime muda tangu ulipoitazama karatasi hadi ulipotoa neno la kwanza lenye maana.

Chini ya sekunde tano ni vizuri. Ukizidi, angalia jicho lilifanya nini. Kama lilizunguka likitafuta, alama haionekani: ongeza nafasi tupu au ukubwa wa namba. Kama lilifika haraka lakini ulikaa kimya, sentensi yenyewe ndiyo mbovu, aghalabu ina kiambishi kinachoning'inia. Kama ulianza vizuri ukakwama kwenye sentensi ya pili, kidokezo kilicho chini ya kituo ni kifupi kupita kiasi.

Zoezi hili lifanyike kwa karatasi ileile utakayoshika siku hiyo. Kufanyia kwenye kompyuta kisha kwenda na karatasi hakukupi jibu, kwa sababu jicho hukumbuka mahali kitu kilipo kwenye ukurasa.

Nina mkalimani. Naye apewe?

Mpe nakala ya vituo na sentensi zake, bila vidokezo vingine. Mkubaliane kwamba ukiruka utataja namba kwa sauti ya chini: "nane", "tisa". Bila hivyo wewe utakuwa umefika kwenye chupa, yeye bado anatafsiri ugali.